Namna ya kuandika majibizano ya kukatizana na kudakiana kwenye skripti: mwongozo kamili kwa sini moja ya mwaloni Kibirizi

Skripti nyingi za kwetu ukizisoma unakuta watu wanaongea kama wanaandikiana barua, huyu anamaliza sentensi yake mpaka nukta, mwenzake anashika zamu naye anamaliza mpaka nukta, hakuna anayekatizwa, hakuna anayedakia, halafu wote wanataja kila kitu kwa jina lake kamili. Sasa nenda mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi boti zikiwa zinashusha dagaa uone kama kuna mtu hata mmoja anafika nukta. Hafiki.

Nitakwenda na sini moja tu kuanzia rasimu mbovu mpaka ikae sawa. Mama Zuhura ni mchuuzi wa dagaa, alimpa kijana anaitwa Rama laki mbili kabla ziwa halijafungwa. (Kama hujui, mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa hiyo deni la namna hii kwa hadhira ya Kigoma halihitaji maelezo.) Sasa ni mwezi wa kumi, mama anadai mzigo wake. Pembeni kuna Mzee Bakari anashona nyavu. Rasimu ya kwanza ya mtu wa kawaida huwa hivi:

MAMA ZUHURA: Habari za asubuhi Rama. Nimekuja kuchukua dagaa wangu ambao nilikulipia kabla ziwa halijafungwa.

RAMA: Nzuri mama, shikamoo. Samahani, sikuweza kuwapata kwa sababu ziwa lilifungwa mwezi wa tano.

MAMA ZUHURA: Lakini nilikupa shilingi laki mbili. Pesa zangu ziko wapi?

RAMA: Nilimpa kaka yangu pesa hizo ili anunue nyavu, naye akaondoka nazo.

Habari yote imo, ila sini hamna. Siri ya Rama imetoka mstari wa nne bila kuvutwa, na kijana wa Kigoma ameanza na "nzuri" ndo akakumbuka shikamoo, hiyo peke yake inatosha mama yeyote aliyekaa ukumbini kuguna.

Hatua ya kwanza: sikiliza watu wanaingia wapi

Usianze kuandika kutoka kichwani. Omba ruhusa kwa watu unaowafahamu, washa rekoda ya simu wakiwa wanabishana kitu cha kawaida, bei ya mawese au nani hajalipa mchango, halafu chukua kama sekunde arobaini tu uziandike neno kwa neno. Sekunde arobaini zinaonekana kidogo mpaka ukae nazo. Mara ya kwanza andika maneno yalivyo, "nshakwambia" iwe "nshakwambia", mara ya pili usijali maneno, weka alama tu pale mtu wa pili alipoingia, yaani kwenye silabi ipi hasa ya mtu wa kwanza.

Ukifanya hivyo utakuta kitu ambacho wataalamu watatu wa Marekani, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, walikiandika mwaka 1974: watu kuongea kwa pamoja ni jambo la kila wakati ila ni kwa muda mfupi sana, na mara nyingi hutokea karibu na mahali ambapo mwenzako alikuwa anaelekea kumaliza. Watu hawaingiliani ovyo. Msikilizaji anaona mwisho unakuja, anaingia kabla haujafika.

Kwenye Kiswahili mambo haya yanajigawa vizuri kwenye vitu vitatu, na skripti nyingi zinavichanganya. Kuna kudakia, pale mwenzako ameshaeleweka na wewe unaingia juu ya mkia wa maneno yake, haina ugomvi ndani yake. Kuna kukatiza, unamzima kabla hajasema alichotaka kusema. Na kuna kumaliziana, mmoja anaacha neno likining'inia makusudi mwenzake alimalizie, "ziwa lilikuwa lime...?", "limefungwa", hii wazee na walimu wanaipenda sana na kwenye skripti inakusaidia kuonesha nani anajiona mwalimu wa mwenzake.

Hatua ya pili: kata kitenzi mahali pake

Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo mwongozo wowote uliotafsiriwa kutoka lugha nyingine hautakusaidia, kwa sababu kitenzi chetu kinabeba habari nyingi mbele kabla hakijafika kwenye tendo lenyewe. Angalia "nilimpa". Ni- ni nani, -li- ni lini, -m- ni kwa nani, ndo inakuja -pa, alifanya nini. Ukimkatiza Rama kwenye "nili—" hadhira imejua ni yeye na ni jambo lililopita, ila hawajui alifanya nini. Ukimkatiza kwenye "nilim—" wamejua na la zaidi, kuna mtu wa tatu katika hii habari. Ukimkatiza baada ya "nilimpa" umeshachelewa, hapo kinachobaki ni jina tu.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kistari jiulize hadhira unataka ijue nini na ikose nini, ndo uchague kiambishi cha kusimamia. "Siku—" inatoa ukanaji mapema, mtu anajua hujafanya, hajui hujafanya nini. "Haku—" ina utata, inaweza kuwa yeye hakufanya au hakukuwa na kitu, na utata huo unaweza kuutumia. "Ana—" nayo hivohivo, anacho kitu au yupo anafanya kitu.

Halafu kuna suala la mdomo. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, au kwenye m inayosimama yenyewe kama hiyo ya "nilim". Kwa hiyo kata kwenye silabi. Mwandishi akiandika "nilimp—" mwigizaji anabaki na p mdomoni, hajui aifanye nini, na akijaribu kuitoa inasikika kama kwikwi. Mtu halisi akizimwa huwa anaishia "nilim" au "nilimpa".

Kudakia ni kinyume chake, unaingia ukiwa umeshaelewa. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukishapita neno linakuwa limejulikana, kwa hiyo anayedakia anaingia juu ya silabi ya mwisho. "Shikamoo mama", marahaba inaanza juu ya "ma" ya mwisho. Sikiliza salamu zozote Ujiji au Mwanga ya hapa Kigoma utaona zote zinakwenda hivo, mmoja hajamaliza habari za nyumbani mwingine ameshasema salama, na hamna aliyekosewa heshima. Ukiandika salamu zinazosubiriana mpaka nukta, unakuwa umeandika watu wawili waliogombana bila kujua.

Hatua ya tatu: amua nani ana haki ya kumkatiza nani

Mdogo hamkatizi mkubwa katikati ya kitenzi. Anadakia kwa kukubali, "ndiyo mama", "naam", au anaanza na "samahani mama" halafu ndo anaingia, au anabaki na "mi nili—, mama mi—" asiyepewa nafasi. Mkubwa anamkatiza mdogo anavyotaka. Kwa hiyo kwenye sini yetu Mama Zuhura atamkatiza Rama kila mara, na Rama atakuwa anadakia au anazimwa. Halafu mara moja, moja tu, Rama atamkatiza mama katikati ya kitenzi. Hiyo ndo itakuwa kilele cha sini, hata asipopaza sauti. Ukimruhusu akatize mapema mara tatu nne kilele hicho umekichoma mwenyewe, ukifika huko mwisho utaanza kumwandikia mwigizaji "kwa hasira" kwenye mabano kwa sababu maneno hayabebi tena.

Mzee Bakari ninamweka kwa ajili ya miguno. Usiandike kila "ee", "enhe" na "mmh" iliyokuwemo kwenye rekodi yako, ukurasa utajaa na waigizaji wanajua kuitikia wenyewe. Andika ule mguno tu ambao ukiutoa maana inabadilika.

Hatua ya nne: alama, na zimaanishe kitu kimoja tu

Wengi wanatumia nukta tatu kwa kila kitu, na hapo ndo mwigizaji anapopotea, kwa sababu mwigizaji akiona nukta anapunguza mwendo. Weka nukta tatu kwa mtu anayeishiwa maneno mwenyewe au anayemwachia mwenzake amalizie. Weka kistari kirefu — kwa aliyezimwa na mwingine. Na weka mkwaju / mahali ambapo mwenzake anaanza kuongea huku yeye anaendelea. Kwenye ukurasa wa kwanza wa skripti eleza alama hizi kwa mistari miwili mitatu, usidhani watu watajua.

Sasa sini yenyewe:

MAMA ZUHURA: Rama.

RAMA: Shikamoo ma/ma.

MAMA ZUHURA: Marahaba. Wako wapi?

RAMA: Za nyumbani? Zuhura haja—

MAMA ZUHURA: Dagaa wangu wako wapi.

RAMA: Si ziwa lilifu/ngwa mama, mwezi wa tano.

MAMA ZUHURA: Likafunguliwa. Leo mwezi wa ngapi?

RAMA: Halafu ikaja mbalamwezi, hatuku—

MAMA ZUHURA: Mbalamwezi miezi miwili?

MZEE BAKARI: (hainui kichwa kwenye nyavu) Mmh.

RAMA: Mzee na we...

MAMA ZUHURA: Muache mzee. Laki mbili nilikupa we, mkononi, hapahapa, sijampa mzee.

RAMA: Mama ile hela nilim—

MAMA ZUHURA: Ulim nini?

(Kimya.)

MAMA ZUHURA: Ulimpa nani Rama?

RAMA: Sijam...

MAMA ZUHURA: Mi watu wananidai, nimelala macho, nime—

RAMA: Kaka ameondoka nayo. Samahani mama. Ameondoka nayo yote.

Tazama mambo machache. Rama anajificha kwenye salamu, "za nyumbani" siyo adabu pale, anavuta muda, na mama analijua hilo ndo maana anamzima kwenye "haja—". Mbalamwezi ni kisingizio kinachokubalika kabisa, wavuvi wa dagaa wanategemea taa na giza, mwezi ukiwa mkubwa hamna kazi, ila mwezi mkubwa unapita, na mzee anayejua ziwa anaguna. Mguno huo umefanya kazi ambayo rasimu nyingine ingeipa mistari mitatu ya maelezo. Na siri inatoka kwa ile -m- moja. Rama hakutaka kumtaja kaka yake, kitenzi ndo kimemtoa, na mama ambaye alikuwa anakatiza tu bila kusikiliza, hapo kwa mara ya kwanza amesikiliza. Neno "kaka" linakuja baada ya hapo, hadhira ikiwa imeshatega masikio.

Angalia pia "sijam..." ina nukta, siyo kistari, maana hakuna aliyemzima, ameshindwa mwenyewe. Mwigizaji akiielewa tofauti hiyo sini imepona.

Hatua ya tano: mpe mwigizaji maneno yaliyobaki

Tatizo linalotokea karibu kila mazoezi ni hili. Rama anasoma "nilim—", anafika kwenye kistari, anasimama mwenyewe, nusu sekunde inapita, ndo mama anaingia. Hapo hakuna aliyekatizwa, kuna mtu amenyamaza na mwingine amesubiri. Unalitambua kirahisi, funga macho wakisoma, ukisikia shimo dogo kabla ya kila ukatizaji basi ndo hilo.

Dawa ni kumwandikia mwigizaji sentensi nzima, ile sehemu ambayo haitasikika uiweke kwenye mabano ya mraba:

RAMA: Mama ile hela nilim— [nilimpa Kaka aende nayo Kasulu akatafute nyavu]

Unamwambia Rama aendelee mpaka azuiwe, na unamwambia mama kazi ya kumzuia ni yake, asimsubiri. Mama akichelewa Rama atataja "Kaka" na sini itaharibika mbele ya wote, na niamini hatachelewa mara ya pili. Faida nyingine ni kwamba Rama anajua alikuwa anaelekea wapi, kwa hiyo "nilim" yake inatoka na pumzi ya mtu mwenye habari ndefu.

Kwenye kudakia kazi yako ni nyingine, hakikisha kilicho chini ya sauti ya pili ni kitu ambacho hadhira haitakikosa. Ndo maana baada ya mkwaju Rama anasema "mama, mwezi wa tano", ambayo Kigoma nzima inaijua. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu sentensi zetu za mdomoni huwa na mkia, "bwana we", "mama yangu", "jana pale", mkia huo ndo wa kufunikwa. Jina la mtu, kiasi cha hela au siri usiviweke chini ya mkwaju hata siku moja. Kwenye redio ndo kabisa, hakuna mdomo wa kuangalia, kwa hiyo wasizidi wawili kwa pamoja na wasipitilize maneno mawili matatu.

Kuingiza kwenye programu

Kama unaandika kwa simu, fomati ya Fountain inatosha, ni maandishi ya kawaida tu na programu nyingi za skripti zinaisoma. Jina la mhusika kwa herufi kubwa, juu yake mstari mtupu, maneno yanafuata chini bila kuacha mstari. Ukitaka wawili waongee sambamba kabisa, weka kofia mwisho wa jina la pili:

```
MAMA ZUHURA
Laki mbili yangu naitaka leo leo!

RAMA ^
Mama naomba unisikilize kwanza!
```

Programu itawaweka ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa. Tumia hiyo kwa kelele tu, pale ambapo hakuna anayemsikia mwenzake na hadhira haihitaji kusikia neno moja moja. Kwa kudakia kwa kawaida mkwaju ni bora, maana nguzo mbili hazimwambii mtu aingie silabi ipi. Na ile hesabu ya ukurasa mmoja dakika moja isikudanganye, sini ya mistari mifupi ya kukatizana inajaza ukurasa ila inapita upesi, isome kwa sauti na saa mkononi.

Siku ya kurekodi

Mwambie mtu wa sauti mapema kwamba sini ina kudakiana. Kamera ikiwa karibu na uso wa Rama peke yake na mama anamdakia akiwa nje ya picha, sauti ya mama inaingia kwenye maiki ya Rama, na edita akitaka baadae kuchagua teki nyingine ya mama hawezi, zimeshashikana. Kama una kamera moja, piga kwanza picha pana wote wawili wakidakiana kwa uhuru, halafu kwenye picha za karibu kila mmoja aseme maneno yake peke yake, mwenzake aache upenyo mdogo, kudakiana kutatengenezwa kwenye kuhariri kwa kusogeza sauti moja juu ya nyingine. Ukiwa na kamera mbili na maiki mbili za kifuani mambo ni nafuu, ingawa bado maiki moja itasikia jirani yake wakisogeleana. Upepo wa ziwa asubuhi nao sijauzungumzia, huo unadakia kuliko mama Zuhura.

Lafudhi na maneno ya Kiha

Andika ufupisho pale tu mwendo unapoutegemea, "ndo", "nshakwambia", "we", na ukishachagua tahajia moja ishike mpaka mwisho. Mwigizaji wa hapa atafupisha mengine mwenyewe. Usiandike lafudhi kwa kuharibu herufi, ile michezo ya kubadilisha r na l ili Muha achekwe imeshachosha, na mwigizaji anayesoma maandishi yaliyopindwa anasoma polepole, kwa hiyo anashindwa kudakia, ambacho ndo ulikuwa unakitaka. Neno la Kiha liweke mahali ambapo mtu angelisema kweli, mzee akipitwa na mzee mwenzake asubuhi atasema "mwakeye" na hamna haja ya kulitafsiri. Zaidi ya hapo mpe mtu wa Kasulu au Buhigwe asome, na umwombe asome kwa sauti akiwa na mwenzake, maana akisoma kimya atakurekebishia maneno tu na hatagundua kwamba umemfanya mtoto amkate mama yake kauli.

Usomaji wa mwisho fanya hivi: ficha majina ya wahusika, wape watu wawili karatasi, wewe kaa mbali kidogo usikie tu. Pale wanapoulizana "naingia wapi hapa" mkwaju wako umekaa vibaya au haupo. Pale wanapocheka kabla ya wakati, mara nyingi kuna sentensi mtu ameimaliza mpaka nukta.